Shajara ya Mdomo: Mkono Unapokwamisha Wazo

Tarehe 30 Novemba 1963, siku 8 baada ya Rais John Kennedy kuuawa mjini Dallas, Claudia Johnson aliwasha kinasa sauti akaanza kusimulia aliyoyashuhudia. Wamarekani walimfahamu zaidi kwa jina la Lady Bird. Alikuwamo kwenye msafara ule, magari machache nyuma ya gari la Rais, na saa chache baadaye alisimama kando ya mumewe, Lyndon Johnson, alipoapishwa ndani ya ndege kuwa Rais mpya. Tangu siku ile ya kurekodi hadi walipoondoka Ikulu ya Marekani mwezi Januari 1969, aliendelea kuitunza shajara yake kwa mdomo. Kanda alizoziacha zina urefu wa saa 123.

Mama huyu hakuwa mtu asiyejua kuandika. Alikuwa na shahada ya uandishi wa habari kutoka Chuo Kikuu cha Texas, na kitabu kilichotokana na kanda hizo mwaka 1970 ni kikubwa kiasi cha kuegemezea mlango. Alichagua kusema kwa sababu siku zake zilijaa kupita kiasi, na mambo aliyoyaona yalikuja kwa kasi ambayo kalamu isingeifikia. Alivyoipanga kazi hiyo ndivyo vinavyomfaa hadi leo mtu yeyote ambaye akishika daftari anaganda, ilhali akisimulia habari zake kwa rafiki maneno yanamiminika.

Wengi huamini kwamba kinachowakwamisha ni mwendo wa mkono tu, na ni kweli mwendo una sehemu yake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliowapima watu wapatao 37,000 wakiandika kwenye simu, ulionyesha wastani wa maneno 36 kwa dakika. Mtu akizungumza Kiingereza kwa utulivu hutamka kati ya 130 na 150 kwa dakika hiyohiyo. Maneno ya Kiswahili ni marefu zaidi, kwa hiyo idadi yake hupungua, lakini pengo kati ya ulimi na kidole linabaki palepale.

Hata hivyo, kasi haielezi kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mtafiti wa kampuni ya IBM aitwaye John Gould aliwapima watu wakitunga barua kwa kalamu na kwa kutamka. Kwa hesabu, kutamka kungeweza kuwa haraka mara 5 kuliko kuandika. Kwa vitendo, waliotamka waliokoa muda kwa kiasi kidogo zaidi, kwa sababu takriban theluthi mbili ya muda wa kutunga ilikwenda kwenye kupanga la kusema, iwe kwa kalamu au kwa mdomo. Gould aligundua jambo jingine lenye uzito kwa anayeanza: watu walidhani barua walizotamka ni mbovu kuliko walizoandika, lakini wasomaji waliopewa kuzipima hawakuona tofauti kubwa.

Basi mkono unazuia nini hasa? Jibu moja linatoka kwa watafiti wa Kifaransa Béatrice Bourdin na Michel Fayol. Mwaka 1994 walichapisha majaribio ambamo watoto na watu wazima walipewa orodha za maneno wayakumbuke, wengine wakijibu kwa mdomo na wengine kwa maandishi. Watoto walikumbuka machache walipoandika. Watu wazima hawakuonyesha tofauti, mpaka walipotakiwa kuandika kwa mwandiko wasiouzoea. Hapo nao kumbukumbu ilishuka. Kuchora herufi, ikiwa hakujawa mazoea ya mkono, hula nafasi ileile ya akili inayoshikilia wazo kabla halijatamkwa. Hali hiyo inampata mtu mwenye disgrafia, mwenye maumivu ya viungo vya vidole, anayeandika kwa lugha asiyoisomea, na hata kijana anayepapasa herufi kwenye kioo cha simu huku simu ikimbadilishia maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza.

Kizuizi cha pili ni macho. Sentensi ikishaonekana kwenye karatasi huwa tayari kuhukumiwa. Mwandishi anaisoma, anaona neno limerudiwa, anafuta, anaandika upya, na wazo lililokuwa linafuata limekwisha kutoweka. Sauti haionekani. Sentensi iliyotamkwa imepita, na njia pekee iliyobaki ni kwenda mbele. Hii ndiyo faida kubwa ya kusema shajara, na ndiyo pia inayopotea mara moja mtu anapowasha programu ya kuandika kwa sauti huku akikodolea macho maneno yanavyojitokeza kwenye skrini.

Hapo ndipo wengi wanaojaribu hukata tamaa siku ya kwanza. Wanabonyeza alama ya maikrofoni kwenye kibodi, wanasema sentensi moja, wanaona jina la shangazi limeandikwa vibaya, wanasimama kulirekebisha. Wakinyamaza kidogo kutafakari, programu inadhani wamemaliza na kujizima. Dakika 5 zikipita wana mistari mitatu na hasira. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuitambua: ukiona unasimama kila baada ya maneno machache kutazama, umerudi kwenye daftari, ila sasa mdomo ndio unaofanya kazi ya mkono.

Dawa yake ni kuzitenganisha kazi mbili. Kwanza rekodi sauti tupu kwa programu ya kawaida ya kurekodi iliyomo kwenye simu, ambayo haijali ukimya wa nusu dakika. Simu ilazwe kifudifudi, au iwe mfukoni na vipokea sauti vyenye maikrofoni viwe masikioni. Kuandika, kama kutakuwapo, kuje baadaye, hata kesho yake.

Lakini kabla ya kurekodi kuna hatua ambayo Lady Bird aliifanya vizuri kuliko watu wengi. Kwa kila siku aliweka bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake ziliingia ratiba ya siku hiyo, vipande vya magazeti, programu za hafla na karatasi za maandishi mafupi. Alipopata nafasi, hata siku kadhaa baadaye, alifungua bahasha na kusimulia akiwa na vitu hivyo mbele yake. Bahasha ilimfanyia sehemu ya ile theluthi mbili ya Gould. Kupanga kulikwisha anza kabla kinasa sauti hakijawashwa.

Kwa mtu wa kawaida bahasha inaweza kuwa kipande cha karatasi chenye maneno manne au matano. Si sentensi, maana ukiandika sentensi utaisoma, na sauti ya kusoma ni tofauti kabisa na sauti ya kufikiri. Picha iliyopigwa mchana, risiti ya dukani au tiketi ya basi vinaweza kufanya kazi hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hatua zionekane. Mwanamke mwenye duka la vitambaa ametoka kwenye kikao cha familia kuhusu shamba la marehemu baba yao. Usiku ameshika daftari, ameandika tarehe, na hapo amekwama. Anachukua karatasi na kuandika: kikao, kaka, karatasi yangu, mama. Anawasha simu, anataja tarehe na mahali alipo, kisha anasema kwa dakika 7. Sehemu ya maneno yake inasikika hivi:

“Basi kikao kimeisha saa kumi, yaani kaka ameongea peke yake muda wote, na mimi, na mimi nilikuwa na karatasi yangu mkononi, hoja zangu zote nimeziandika, halafu nikanyamaza. Sijui. Labda namwogopa. Hapana, simwogopi, mbona dukani huwa namjibu. Ni mama. Mama alikuwa amekaa pale anamtazama yeye, hakunitazama mimi hata mara moja, na nikajua nikisema lolote atalia.”

Tazama neno “hapana”. Kwenye daftari sentensi ya “labda namwogopa” ingefutwa, au, vibaya zaidi, ingebaki kama jibu kwa sababu imeshaandikwa na inaonekana nzuri. Kwa mdomo imetamkwa, sikio limeisikia kuwa si kweli, na ulimi umeendelea kutafuta mpaka ukamfikia mama. Msimuliaji hakulijua jambo hilo alipoanza kurekodi.

Siku ya pili anasikiliza. Hapa wengi huchukizwa na sauti yao wenyewe, na sababu yake ni ya kimaumbile. Mtu anapozungumza hujisikia kwa njia mbili kwa pamoja, kupitia hewani na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa huongeza uzito wa sauti. Rekodi ina njia moja tu, kwa hiyo inasikika nyembamba kuliko alivyozoea. Ukisikiliza mara kadhaa ugeni huo hupungua.

Akitaka maandishi, anaweza kuyapata kwa njia ambayo vituo vya televisheni hutumia kutengeneza maandishi ya chini ya picha katika matangazo ya moja kwa moja. Mtu maalumu husikiliza anayezungumza, kisha huyarudia maneno kwa sauti yake, kwa utulivu na ufasaha, mbele ya mashine iliyozoea sauti hiyo. Mwenye duka naye anasikiliza kipande cha nusu dakika, anasimamisha rekodi, kisha anakitamka upya kwenye kibodi ya sauti. Sasa anaruhusiwa kutazama skrini, kwa kuwa wazo limeshahifadhiwa na hakuna cha kupotea.

Kiswahili kiliingia kwenye huduma ya Google ya kuandika kwa sauti mwezi Agosti 2017, pamoja na Kiamhari. Kwenye simu yenye kibodi ya Gboard, lugha huongezwa kwa kufungua Settings, kisha Languages, na kuchagua Swahili. Hatua hii husahaulika mno. Mtu huzungumza Kiswahili huku kibodi ikisikiliza Kiingereza, akapata mseto usioeleweka, akahitimisha kwamba mashine haijui lugha yake. Maneno ya Kiingereza yasiyo na maana yakitawala mistari yako, kagua lugha kwanza kabla ya kuilaumu lafudhi.

Lugha ikishapangwa vizuri, makosa yanayobaki ni ya aina nyingine. Majina ya watu na vijiji hukosewa. Sheng na sentensi zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza huvurugika. Nukta na koma mara nyingi hazipo, hivyo dakika 7 za maneno hutoka kama mstari mmoja mrefu. Kosa la hatari kuliko yote ni dogo kwa macho: silabi ya mwanzo wa kitenzi. Kiswahili kimebeba ukanushi na nafsi kwenye silabi hizo, na msemaji mwenye haraka huzimeza. “Hakunitazama” inaweza kutoka “akanitazama”, na sentensi iliyomtoa mtu machozi ikawa imesema kinyume chake. Kwa sababu hiyo, rekodi isifutwe mpaka maandishi yamelinganishwa nayo, na ulinganishaji uanzie kwenye vitenzi.

Baada ya kusafisha, kumbukumbu ya mwenye duka inabaki fupi:

“Kikao kimeisha saa kumi. Kaka aliongea peke yake. Nilikuwa na hoja zangu kwenye karatasi, nikanyamaza. Nilidhani namwogopa. Hapana, dukani huwa namjibu. Ni mama. Alimtazama yeye tu, hakunitazama hata mara moja, na nilijua nikisema lolote atalia.”

Kilichoondolewa ni “yaani”, “na mimi, na mimi”, na maneno ya kujazia pumzi. Kilichobaki ni kule kukosea na kujirekebisha. Anayesafisha akiondoa pia “nilidhani namwogopa” ili aandike moja kwa moja kwamba sababu ni mama, atakuwa amefuta njia iliyompeleka kwenye jibu, na akisoma mwaka ujao hataelewa kwa nini jibu lile lilikuwa na uzito kwake.

Kusafisha huku ni muhimu pia kwa sababu mdomo hauna breki. Mwandishi wa riwaya Henry James alianza kutamka kazi zake mwaka 1897, kifundo cha mkono kilipomuuma mno, na baadaye karani wake Theodora Bosanquet aliandika kumbukumbu za miaka waliyofanya kazi pamoja. James mwenyewe alijua kwamba akitamka hutawanyika zaidi kuliko akishika kalamu. Shajara ina uhuru wa kutawanyika, kwa kuwa hakuna anayeisubiri kuinunua. Lakini mtu anayerekodi dakika 40 kila usiku hatapata kamwe muda wa kuzisikiliza, na rundo la sauti lisilosikilizwa halimsaidii kukumbuka chochote. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa siku ya kawaida.

Faili nazo zipewe majina siku hiyohiyo. Programu nyingi huziita kwa namba tu, na baada ya miezi miwili haiwezekani kujua ipi ni ipi. Jina linaloanza na mwaka, kisha mwezi na siku, kwa mfano 2025-03-14, hujipanga lenyewe kwa mfuatano, na neno moja baada yake, kama “kikao”, linatosha kwa utafutaji. Sauti ya ubora wa kawaida wa mazungumzo huchukua takriban nusu megabaiti kwa dakika, kwa hiyo dakika 7 za kila siku kwa mwaka mzima hazifiki gigabaiti 2.

Swali gumu zaidi katika nyumba zetu ni la faragha. Daftari hufungwa kimyakimya. Sauti hupita ukutani. Kwenye vyumba vya kupanga vinavyotenganishwa na dari iliyo wazi, au nyumba ambayo watoto watatu wanalala sebuleni, mtu hawezi kumtaja mama mkwe kwa sauti saa nne usiku. Wanaofanikiwa hutembea nje jioni, simu sikioni, na yeyote anayepishana nao anadhani wanaongea na mtu. Wengine huketi ndani ya gari lililoegeshwa. Anayelazimika kurekodi ndani anaweza kuisogeza simu karibu na mdomo na kusema chini: rekodi itamtosha yeye, ingawa kibodi ya sauti hupata shida na mnong’ono. Njia ya kurudia maneno inafaa hapa pia, kwa sababu sehemu nyeti inaweza kubaki sauti tu isiandikwe kabisa.

Faragha ya simu nayo itazamwe. Kibodi ya sauti kwa kawaida hupeleka unachosema kwenye seva za kampuni ili kigeuzwe maandishi. Programu ya kurekodi huhifadhi faili kwenye simu, lakini nakala zake zinaweza kupanda mtandaoni zenyewe kama umeruhusu uhifadhi wa nakala, na simu inayoshirikiwa na mume au watoto hufunguliwa na yeyote. Kujitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp kunaonekana rahisi, ila kosa moja la kidole linaupeleka kwenye kundi la ukoo.

Kuna watu ambao njia hii haiwafai, na kuna siku ambazo haimfai hata anayeipenda. Mwaka 2006 mtafiti Sonja Lyubomirsky na wenzake walichapisha majaribio ambamo watu walilishughulikia tukio baya la maisha yao kwa dakika 15 katika siku 3. Baadhi waliandika, baadhi walizungumza na kinasa sauti, na baadhi waliwaza tu peke yao. Walioandika na waliozungumza walitoka na hali nzuri kuliko waliowaza. Watafiti walieleza kwamba kuandika na kuzungumza humlazimisha mtu kulipanga tukio liwe na mwanzo, sababu na matokeo, ilhali mawazo ya kichwani huzunguka mahali pamoja.

Kutokana na hapo msemaji anaweza kujipima. Akisikiliza rekodi za wiki nzima akakuta zote zinaanza na lalamiko moja, kwa maneno yaleyale, na hakuna hata moja iliyofika kwenye “hapana” ya aina ile ya mwenye duka, basi kinasa sauti kimekuwa mahali pa kuzungushia mawazo tu. Wakati huo kalamu inarudi kuwa na faida, kwa sababu ya ule uzito wake uliokuwa kikwazo. Mtu akiandika kwa mkono sentensi moja tu, inayosema ni nini hasa anachotaka kitokee kesho, hulazimika kuchagua.

Mambo mengine hayana sababu ya kutamkwa hata kidogo. Madeni, namba za simu, kipimo cha sukari au shinikizo la damu, tarehe za kliniki: vyote hivi hupotea ndani ya sauti, kwa maana rekodi haisomeki kwa kupitisha jicho. Vinakaa vyema kwenye ukurasa wa daftari uliopigwa mistari, na tarehe ileile iliyopewa faili ya sauti ikiandikwa juu ya ukurasa huo, viwili hivyo hupatikana pamoja siku vitakapohitajika.